Mwalimu, Je, Muhtasari Huu ni Sahihi?

Muhula uliopita tulipokea barua kutoka kwa mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa usharikani kwa mazoezi ya vitendo. Kwa ruhusa yake twaitoa hapa, tukiliacha jina lake na jina la usharika. Swali aliloliuliza ni fupi, lakini kulijibu kulituchukua majuma matatu, na katika kulijibu tuligundua kosa ambalo halikuwa lake. Barua yenyewe ni hii:

“Mwalimu, shikamoo. Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Mimi ni mzima na kazi inaendelea vema. Mchungaji wa hapa ameniagiza niwafundishe wazee wa kanisa juu ya Chakula cha Bwana, kwa muda wa saa mbili, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Kwa hiyo nimechukua notisi za somo la Maungamo, ambazo katika daftari langu ni kurasa 11, nikazifupisha zikawa nusu ya ukurasa. Nimekusudia kuudurufu muhtasari huo na kumpa kila mzee nakala yake. Wenzangu watatu walioko sharika nyingine wamekwisha kuunakili. Naomba, Mwalimu, uusome na kuniambia kama ni sahihi. Wako mtiifu katika Bwana.”

Chini ya barua aliandika muhtasari wenyewe:

“Katika Chakula cha Bwana tunapewa mwili na damu ya kweli ya Kristo, kwa agizo lake mwenyewe. Luther na Zwingli walikutana Marburg mwaka 1529, wakapatana katika mambo 14 na kutengana katika jambo la 15, ndilo Chakula cha Bwana. Luther alifundisha konsubstansiasio, yaani mwili wa Kristo umo ndani ya mkate, pamoja na mkate na chini ya mkate. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 10, lafundisha kwamba mwili na damu ya Kristo hutolewa kweli pamoja na mkate na divai. Kwa imani mshirika huupokea mwili na damu ya Kristo. Asiye na imani hupokea mkate na divai tu.”

Msomaji aliyepitia chuo cha theolojia atakubali kwamba muhtasari huu umeandikwa vizuri. Ni mfupi, una mpangilio, na kila sentensi yake inafanana na jambo lililosemwa darasani. Hata sisi, tulipousoma mara ya kwanza jioni baada ya kazi, nusura tuandike neno “sahihi” pembeni na kuurudisha. Lililotuzuia ni sentensi ya mwisho.

Kabla ya kujibu ilitupasa kujiuliza ni nini hasa tulichokuwa tumeulizwa. Mwanafunzi aombapo kuthibitishiwa muhtasari, huuliza maswali mawili kwa pamoja pasipo kufahamu. La kwanza ni kama muhtasari wake unalingana na madokezo ya somo. La pili ni kama madokezo hayo yanalingana na ukweli, yaani na maandiko ya asili ambayo somo linayaeleza. Mtu aweza kujibiwa ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la pili. Tena swali la kwanza haliwezi kujibiwa na mwalimu mwenye muhtasari peke yake mkononi, kwa sababu anachokikumbuka ni somo alilokusudia kulifundisha, wala si lile lililoandikwa daftarini. Kwa hiyo tulimwandikia atuletee nakala ya zile kurasa 11. Zilipofika tuliziweka mezani pamoja na karatasi tulizowagawia wanafunzi na Kitabu cha Concordia cha mwaka 1580, ambamo maungamo yetu yamekusanywa.

Sentensi ya kwanza haikuwa na shida. Inafuata Katekisimo Ndogo, isipokuwa imeacha kutaja mkate na divai, na hilo laweza kuvumiliwa kwa kuwa sentensi zinazofuata zinavitaja.

Sentensi ya pili ni kweli nusu. Luther na Zwingli walikutana katika ngome ya Marburg kwa mwaliko wa mtawala Philip wa Hesse, na tarehe 4 Oktoba 1529 wakatia sahihi zao, pamoja na wenzao wa pande zote mbili, kwenye vifungu 15. Katika 14 hawakutofautiana. Lakini kifungu cha 15, kinachohusu Chakula cha Bwana, si kifungu cha kutengana tu. Sehemu yake kubwa ni mapatano. Walikubaliana kwamba washirika wapewe mkate na kikombe pia, kwamba misa si tendo ambalo mmoja humpatia mwingine neema kwalo, awe hai au amekufa, na kwamba kula kiroho ni jambo la lazima kwa kila Mkristo. Jambo moja tu ndani ya kifungu hicho halikupatana: kama mwili na damu ya kweli ya Kristo vimo kimwili katika mkate na divai. Hata juu ya hilo waliahidiana kuoneana upendo wa Kikristo, kwa kadiri dhamiri ya kila mmoja itakavyoruhusu. Daftari la mwanafunzi lilikuwa na haya yote katika mistari minane. Alipofupisha, namba 14 na 15 zilibaki kwa kuwa namba hukumbukwa kwa urahisi, na mapatano yaliyo ndani ya kifungu cha 15 yakaanguka. Mzee wa kanisa atakayepokea nakala yake atadhani kwamba ndugu hawa hawakupatana lolote juu ya Meza ya Bwana. Huo ni upungufu, nao unaponywa kwa maneno machache.

Sentensi ya tatu inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu kosa lake ni la aina ambayo tumekutana nayo katika karatasi nyingi za mitihani. Katika daftari lake mwanafunzi alikuwa ameandika hivi: “Ndani, pamoja, chini: Fomula 1577. Wengine huita konsubst.” Tazama neno “wengine”. Somo lilikuwa limeeleza kwamba jina hilo la konsubstansiasio limetumiwa na watu wa nje kuyaita mafundisho ya Kilutheri, na kwamba halimo katika maungamo yetu. Muhtasari ulipoandikwa, neno “wengine” liliachwa, kwa kuwa lilionekana halina uzito. Hapo jina walilotuita watu wengine likawa fundisho la Luther.

Aweza mtu kusema kwamba jina ni jina tu. Sivyo. Neno hilo huleta picha ya vitu viwili vilivyochanganywa au kuwekwa kimoja ndani ya kingine, kama maji yalivyo ndani ya kibuyu, na kutoka hapo huja swali la wazee ambalo mwanafunzi wetu angeulizwa mara moja: je, mwili wa Bwana unatafunwa kwa meno kama nyama? Fomula ya Concordia ilikwisha kukataa wazo hilo. Luther mwenyewe, katika kitabu chake kikubwa juu ya Chakula cha Bwana cha mwaka 1528, aliuita umoja huu umoja wa kisakramenti, yaani umoja usio na mfano katika vitu vingine, akakataa kuueleza kwa hesabu ya mahali na vipimo. Pale Marburg aliandika mezani kwa chaki maneno ya Kristo juu ya mkate, naye hakukubali kutolewa kwenye maneno hayo. Alichoking'ang'ania ni kwamba Bwana amesema hivyo. Namna inavyowezekana hakuona kuwa ni kazi yake kuieleza.

Tena maneno matatu “ndani, pamoja, chini” yalipewa bwana wake asiye wake. Katekisimo Ndogo husema “chini ya” mkate na divai, na Katekisimo Kubwa husema “ndani na chini”. Maneno yote matatu yamewekwa mahali pamoja na Fomula ya Concordia ya mwaka 1577, miaka 31 baada ya kufa kwa Luther, nayo Fomula yaeleza sababu ya kuyatumia: kukataa fundisho la kwamba mkate hugeuka na kuacha kuwa mkate, na kuuonyesha ule umoja wa kisakramenti. Daftari lilikuwa na mwaka huo, 1577. Muhtasari uliuacha, kisha ukaandika “Luther alifundisha”. Mwanafunzi hakusema uongo, kwa kuwa maana ya maneno hayo Luther angeikubali. Lakini iwapo mzee mmoja mwenye Katekisimo yake mkononi angemwuliza, “Mwanangu, nionyeshe hayo maneno matatu,” angeyatafuta asiyaone.

Sasa twafika kwenye sentensi ya nne, na hapa hatuna budi kuungama. Tulipoisoma tulidhani mwanafunzi amekosea. Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari Karoli wa Tano pale Augsburg, tarehe 25 Juni 1530, halisemi kwamba mwili na damu hutolewa “pamoja na” mkate na divai. Maandishi yake ya Kilatini yafundisha kwamba mwili na damu ya Kristo vipo kweli na hugawiwa wale walao katika Chakula cha Bwana. Yale ya Kijerumani yanaongeza kwamba vipo chini ya umbo la mkate na divai. Yote mawili humalizia kwa kuwakataa wanaofundisha vinginevyo. Maneno aliyoyaandika mwanafunzi ni ya mwaka 1540. Mwaka huo Philip Melanchthon, aliyekuwa ameliandika Ungamo, alilitoa tena likiwa na mabadiliko, na toleo hilo ndilo liitwalo Variata, yaani lililobadilishwa. Katika kifungu cha 10 aliliondoa neno la kuwapo, akaweka kwamba mwili na damu hutolewa kweli pamoja na mkate na divai, na ile sentensi ya kuwakataa wanaofundisha vinginevyo akaifuta. Alikuwa akitafuta maneno ambayo ndugu wa upande wa pili wangeweza kuyakubali, na kweli wengi wao waliyakubali.

Tofauti hii ni ya uzito. Katiba ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni hutaja hasa Ungamo la Augsburg lisilobadilishwa, pamoja na Katekisimo Ndogo ya Martin Luther. Mwanafunzi atakayesimama siku ya kubarikiwa na kuahidi kufundisha sawasawa na maungamo hana budi kujua ni maandishi yapi anayoyaahidi.

Basi tulilifungua daftari ili tuone alikosea wapi. Chini ya kichwa “Kif. 10, 1530” yalikuwapo maneno yale yale ya muhtasari. Tukadhani alinakili vibaya. Tukaichukua karatasi tuliyowagawia wanafunzi, iliyochapwa na sisi wenyewe, na humo tukayakuta tena. Tulikuwa tumekusudia kuweka safu mbili, ya mwaka 1530 na ya mwaka 1540, ili wanafunzi walinganishe. Katika kuchapa, safu moja ilikuwa imeachwa, na kichwa cha safu iliyoachwa kikabaki juu ya maneno ya safu nyingine. Karatasi hiyo tulikuwa tumeitumia kwa miaka miwili. Darasani tulizieleza tofauti hizo kwa mdomo na kuziandika ubaoni, kwa hiyo mwanafunzi aliyesikiliza kwa makini aliweza kusahihisha. Lakini ubao hufutwa, na karatasi hubaki. Sentensi hii ilikuwa muhtasari mwaminifu kabisa wa madokezo yaliyokosewa, na kama tungeulinganisha muhtasari na karatasi yetu tu tungeandika “sahihi” kwa dhamiri safi.

Ndiyo maana twaona heri kwa mwalimu kuletewa barua kama hii, hata ikija wakati wa kusahihisha mitihani. Historia ya kanisa letu ina mifano yake. Mwaka 1531 Luther alifundisha Waraka kwa Wagalatia huko Wittenberg, na Georg Rörer aliandika aliyoyasikia kwa mkato, akichanganya Kilatini na Kijerumani. Kutokana na madokezo hayo kilitengenezwa kitabu kilichochapishwa mwaka 1535. Luther alikipitia na kukiandikia dibaji, akistaajabu kwamba aliweza kusema maneno mengi hivyo, lakini akikiri kwamba mawazo yaliyomo ni yake. Madokezo ya Rörer yapo hata leo. Toleo la Weimar la maandishi ya Luther limeyachapisha pamoja na kitabu katika ukurasa mmoja, hivyo kila mtu aweza kuona kilichoongezwa. Mafundisho ya Luther juu ya kitabu cha Mwanzo, aliyoyatoa kuanzia mwaka 1535 hadi 1545, hayakupata bahati hiyo kwa ukamilifu. Sehemu kubwa yake ilichapishwa baada ya kifo chake mwaka 1546, na wataalamu wameitumia kwa hadhari, kwa kuwa si rahisi kila mahali kupambanua sauti ya mwalimu na sauti za wanafunzi walioyatayarisha.

Turudi kwenye barua. Sentensi ya tano ndiyo iliyotuzuia tangu mwanzo, nayo ndiyo yenye hatari kubwa kwa wazee wa kanisa. Daftari lilisema: “Imani hupokea faida ya sakramenti, yaani ondoleo la dhambi. Asiyestahili hupokea pia mwili na damu, lakini kwa hukumu, 1 Kor. 11.” Muhtasari ulisema: “Kwa imani mshirika huupokea mwili na damu ya Kristo, asiye na imani hupokea mkate na divai tu.” Tulimwuliza mwanafunzi maneno ya mwisho aliyatoa wapi, kwa kuwa hayakuwa daftarini wala katika karatasi yetu. Alijibu kwa unyofu kwamba hakumbuki kuyatoa popote. Alidhani yanafuata yenyewe.

Na kweli yanafuata, ukiisha kuliacha neno “faida”. Hapa ndipo tulipojifunza jinsi kosa la namna hii linavyozaliwa. Kwanza lilianguka neno moja katika kufupisha: badala ya kusema kwamba imani hupokea faida ya mwili na damu, sentensi ikasema kwamba imani hupokea mwili na damu. Kisha sentensi ya daftari juu ya asiyestahili haikuweza tena kukaa karibu na sentensi hiyo, kwa kuwa zinapingana. Kama ni imani inayoupokea mwili, asiye na imani ataupokeaje? Mwanafunzi, akiwa mtu wa akili, alilitengeneza pingamizi hilo pasipo kujua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelileta. Akaifuta sentensi iliyokuwa sahihi, na mahali pake akaweka ile iliyofuata kwa mantiki. Matokeo ni fundisho ambalo upande wa pili wa mabishano ya karne ya 16 ulilitetea dhidi ya Luther, nalo sasa lilikuwa tayari kudurufiwa chini ya kichwa cha Maungamo ya Kilutheri.

Mafundisho yetu ni haya. Mwili na damu ya Kristo vipo kwa ajili ya neno lake na agizo lake, wala si kwa nguvu ya imani ya anayepokea, wala kwa utakatifu wa anayegawa. Katekisimo Kubwa yasema wazi kwamba hata mtu mwovu akiipokea au akiitoa sakramenti, ni sakramenti ya kweli, kwa kuwa haikujengwa juu ya utakatifu wa wanadamu. Mtume Paulo, aandikapo kwamba alaye isivyostahili amejipatia hatia ya mwili na damu ya Bwana, huchukulia kwamba kilichopokewa ni kitu hicho hasa. Nayo imani, je, haina kazi? Ina kazi kubwa, ndiyo inayopokea kile ambacho mwili na damu vimetolewa kwa ajili yake, yaani ondoleo la dhambi, uzima na wokovu. Imani haikifanyi kipawa kiwepo. Hukipokea kipawa kilichopo.

Tufikirie sasa mzee mmoja wa kanisa aliyeusoma ule muhtasari na kuuamini. Anaongozana na mchungaji kwenda kumshirikisha Chakula cha Bwana mama mgonjwa, ambaye kwa maumivu na usingizi wa dawa hawezi kuyakusanya mawazo yake. Mama anashika mkono wa mzee na kumwambia kwamba haoni tena imani moyoni mwake, anaona giza tu. Mzee yule atamwambia nini? Kwa mafundisho ya sentensi ile ya tano atalazimika kwanza kuipima imani ya mama ili ajue kama alichowekewa kinywani ni mwili wa Bwana au ni mkate tu. Naye mama, akiulizwa, ataingia ndani ya moyo wake kuitafuta imani, mahali pale pale alipokwisha kusema kwamba pana giza. Lakini aliyefundishwa sawasawa hamwelekezi huko. Atamwambia, “Mama, Bwana amesema ni mwili wake, na amesema umetolewa kwa ajili yako,” kisha atanyamaza na kuyaacha maneno hayo yafanye kazi yake. Twajua kutokana na miaka yetu usharikani kwamba mama wa namna hiyo si wa kubuniwa. Karibu kila mchungaji amemwona.

Tulipomwandikia mwanafunzi majibu, tulijaribu kuufupisha ukurasa wetu wenyewe ili aone kwamba kazi hiyo si rahisi hata kwa mwalimu. Muhtasari tuliomrudishia ulikuwa huu:

“Katika Chakula cha Bwana tunapewa mwili na damu ya kweli ya Kristo pamoja na mkate na divai vilivyobaki kuwa mkate na divai, kwa agizo lake mwenyewe. Luther na Zwingli walipatana Marburg mwaka 1529 katika vifungu 14, na katika sehemu kubwa ya cha 15 pia. Hawakupatana kama mwili na damu vimo kimwili katika mkate na divai. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 10, lafundisha kwamba mwili na damu vipo kweli na hugawiwa wanaokula. Maneno laini zaidi, yasemayo kwamba hutolewa pamoja na mkate na divai, ni ya mwaka 1540. Fomula ya Concordia ya mwaka 1577 yasema ‘ndani, pamoja na chini’, nasi huuita umoja huu wa kisakramenti. Jina la konsubstansiasio tumepewa na wengine, wala si letu. Mwili na damu vipo kwa neno la Kristo, na wote walao huvipokea. Imani hupokea faida yake, yaani ondoleo la dhambi, naye asiyestahili hupokea kwa hukumu.”

Msomaji makini ataona kwamba sisi nasi tumetumia maneno “pamoja na” katika sentensi ya kwanza. Tulimweleza mwanafunzi kwamba maneno hayo si mabaya yenyewe, kwani Fomula nayo huyatumia. Ubaya huja yanaposimama peke yake mahali pa neno la kuwapo. Huu ni mfano wa jambo ambalo hakuna muhtasari uwezao kulibeba, na ndiyo sababu tulimshauri asiwagawie wazee ile nusu ya ukurasa hata baada ya kusahihishwa, bali ajiongoze nayo mwenyewe, naye awafundishe kwa Katekisimo Ndogo ambayo wengi wao wanaijua kwa moyo tangu Kipaimara. Alikubali kwa shingo upande. Alikuwa amekwisha kununua karatasi.

Kwa wanafunzi wengine watakaotuandikia, twaomba mambo machache, kwa faida yao na yetu. Leteni kurasa za daftari pamoja na muhtasari. Pigeni mstari chini ya kila neno la muhtasari ambalo halimo daftarini, kwa maana hapo ndipo penye mawazo yenu wenyewe. Kama mwanafunzi wetu angefanya hivyo, mstari ungekuwa chini ya nusu nzima ya sentensi ya tano, naye angeliona kosa kabla yetu. Kila jina la mtu au la kitabu katika muhtasari lifuatwe nyuma hadi daftarini, muone kama ni yeye aliyesema, au ni wengine waliosema juu yake. Na mahali mnapoona kwamba sentensi mbili za mwalimu zinapingana, msizipatanishe wenyewe. Andikeni zote mbili na kuuliza. Huenda mmelidondosha neno, au huenda mwalimu amekosea, kama sisi tulivyokosea.

Karatasi yetu ya kifungu cha 10 imechapwa upya, safu mbili zikiwa na miaka yake. Wanafunzi wa miaka ile miwili waliokwisha kutawanyika sharikani tumewapelekea nakala, kwa kadiri tulivyojua walipo. Mwanafunzi wetu naye aliwaandikia wenzake watatu walioutwaa muhtasari wa kwanza. Wawili wamejibu kwamba wamesahihisha. Wa tatu alikuwa amehamishiwa mtaa wa mbali kabla ya barua kufika, na hadi tunapoandika haya hajajibu. Habari tulizozipata ni kwamba alifundisha darasa la Kipaimara muhula ule, na kwamba alikuwa na nakala za kutosha kwa wote.